Kostiki Inayokula Mti na Kurudi Pipani

Mhadhara uliotolewa Kigoma mjini kwa walimu wa sayansi na watengeneza sabuni ya mawese

Wakubwa zangu, shikamooni. Wengi wenu mnaochemsha sabuni mmeshaishika kostiki soda. Mnajua inavyochoma ngozi, na mnajua bei yake inavyokula faida. Leo nitawaeleza jinsi kostiki hiyohiyo inavyoyeyusha mti ili tupate karatasi ya kaki, ile ya mifuko ya saruji, halafu inavyookolewa karibu yote ikatumike tena. Hapa nchini kazi hii inafanyika Mgololo, Mufindi, kwa miti ya paini.

Tuanze na mti wenyewe. Mti mkavu una selulosi asilimia 40 hadi 45. Hizo ndizo nyuzi tunazozitaka, minyororo mirefu ya glukosi. Robo hivi ya mti, na zaidi kidogo kwa paini, ni lignini, inayozishika nyuzi zisiachane. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni hemiselulosi, minyororo mifupi ya sukari. Kazi yetu ni kuitoa lignini bila kuzivunja nyuzi, na ugumu uko hapo, kwa sababu kostiki haichagui. Ukiipa muda inakula lignini, na huku inaibandua glukosi moja moja kutoka mwisho wa mnyororo wa selulosi.

Ndiyo maana kostiki haipikwi peke yake. Pamoja nayo huwekwa salfidi ya sodiamu, Na2S. Mwaka 1879, huko Danzig, mji ambao leo ni Gdańsk wa Poland, mkemia Carl Dahl alitafuta njia ya kupunguza gharama. Akatia salfeti ya sodiamu, iliyokuwa rahisi, kufidia kemikali zilizopotea katika upikaji wa kostiki. Ndani ya tanuri salfeti ile iligeuka salfidi, na mti ukaiva upesi zaidi, ukatoa karatasi imara zaidi. Sababu yake tunaijua: salfidi ikiwa majini hutoa ioni ya HS⁻, nayo huvamia viungo vya oksijeni vinavyoshika vipande vya lignini na kuvikata. Kila kiungo kinapokatwa hujitokeza kikundi cha fenoli, na fenoli ndani ya kostiki huyeyuka. Selulosi haina viungo vya aina hiyo, kwa hiyo HS⁻ inaipita tu. Lignini inatoka mapema, na kostiki inakosa muda wa kuziharibu nyuzi.

Vipande vya mti hupikwa kwenye tangi lililofungwa, joto la nyuzi 160 hadi 170 za selsiasi, kwa saa kadhaa. Mchanganyiko wa kostiki na salfidi mafundi huuita maji meupe. Hatupiki mpaka lignini iishe kabisa. Ile ya mwisho hutoka polepole mno, na ukiing'ang'ania utaanza kupoteza selulosi. Tunaacha asilimia chache, na hiyo iliyobaki ndiyo inayoipa kaki rangi yake ya hudhurungi.

Kuna kosa moja la kuangalia hapa. Kostiki ikiisha kabla upishi haujaisha, lignini iliyokwisha kuyeyuka huganda tena na kuzirudia nyuzi. Rojo, yaani nyuzi zilizopikwa, hutoka jeusi, limejaa vipande visivyoiva. Kwa hiyo mpishi huchota maji ya tangi mwishoni na kupima kostiki iliyobaki. Lazima iwepo ya kutosha kulinda kilichoyeyuka, hata kama inaonekana ni hasara kuibakiza.

Sasa tufanye hesabu. Chukueni tani 2 za mti mkavu. Rojo litakalotoka ni kama asilimia 47, yaani kilo 940 za nyuzi. Kilo 1,060 zimeyeyuka. Kemikali tulizotia, tukizihesabu kama kostiki, ni asilimia 20 ya mti, yaani kilo 400. Fikirini kununua kilo 400 za kostiki kwa kila tani hivi ya karatasi! Hakuna kiwanda kitakachofika mwaka wa pili. Lakini kilo 1,060 na kilo 400, pamoja na salfa, zote zimo ndani ya maji meusi yanayooshwa kutoka kwenye rojo: tani moja na nusu ya vitu vikavu, na sehemu kubwa ya vitu hivyo inaweza kuwaka.

Tatizo ni maji. Maji meusi hutoka na asilimia 15 tu ya vitu vikavu, kwa hiyo tani yetu moja na nusu imo ndani ya tani 10. Ili iwake vizuri lazima ifike asilimia 75 hivi, yaani tani 2. Tani 8 za maji zinapaswa kuondoka. Waliochemsha maji ya chumvi kule Uvinza wanajua kuni zinavyoteketea kwa kazi ya namna hii. Kiwandani mvuke unaotoka kwenye chungu cha kwanza hupelekwa kuchemsha chungu cha pili chenye shinikizo dogo zaidi, na wa pili huchemsha cha tatu, hivyohivyo hadi vitano au sita. Tani moja ya mvuke mpya huondoa takriban tani 5 za maji.

Uji huo mzito hunyunyizwa ndani ya boila ya uokoaji, aina iliyoanzishwa na Tomlinson huko Kanada miaka ya 1930. Lignini inawaka na kutoa mvuke unaoendesha kiwanda na mitambo ya umeme. Chini hujengeka lundo la makaa mekundu ambalo hunyimwa hewa ya kutosha kwa makusudi, ili kaboni iinyang'anye salfeti oksijeni yake:

Na2SO4 + 2C → Na2S + 2CO2

Lundo likipoa au hewa ikizidi, salfeti hubaki salfeti. Itazunguka kiwanda kizima ikichukua nafasi bila kupika chochote. Boila nzuri hugeuza zaidi ya asilimia 90.

Chini ya boila hutiririka kemikali zilizoyeyuka kwa moto, zaidi ya nyuzi 800: salfidi pamoja na kabonati ya sodiamu. Naomba mnisikilize vizuri hapa. Bomba la maji likipasuka juu ya lundo hilo, maji hugeuka mvuke kwa kishindo na boila hulipuka. Watu wamekufa hivyo. Ikishukiwa kwamba bomba linavuja, moto huzimwa, watu huondolewa na maji ya boila humwagwa papo hapo. Hakuna kusubiri kuhakikisha.

Kemikali hizo zilizoyeyuka zikimwagwa kwenye maji hupatikana maji ya kijani. Salfidi iko tayari, ila kabonati, ndugu ya magadi, bado si kostiki. Hapo huingia chokaa iliyozimwa:

Na2CO3 + Ca(OH)2 → 2NaOH + CaCO3

Tope jeupe la CaCO3 hutuama, huchomwa tanurini likawa chokaa tena, na maji yaliyobaki ni maji meupe. Mmenyuko huu haufiki mwisho, husimama kwenye asilimia 80 na kitu. Ukizidisha chokaa ukitaka kuulazimisha, tope litakataa kutuama. Mwisho wa mzunguko, zile kilo 400 zinakuwa zimepungua labda kilo 12, na kilo hizo ndizo unazonunua.

Swali. Ndiyo, mwalimu.

"Mafunjo ya bonde la Malagarasi je? Hatuwezi kujenga kiwanda kidogo hapa Kigoma?"

Nimelifikiria sana hilo, maana mafunjo yapo tele. Vikwazo ni viwili. Mafunjo, kama majani mengine, yana silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Kostiki huiyeyusha, nayo hugandamana kama kioo ndani ya vyungu vya kukaushia, kisha huingia kwenye tope la chokaa na kuliharibu. Pili, boila ya uokoaji haina toleo dogo la bei nafuu. Kiwanda kidogo hujikuta kinapika bila kuokoa. Maji meusi yatamwagwa Malagarasi, na Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika, kwenye dagaa wetu. Mimi siwezi kuunga mkono hilo. Kwa mtaji mdogo, nunueni maboksi chakavu bandarini na sokoni. Sehemu kubwa ya lignini yake ilishatolewa kiwandani, kwa hiyo mnahitaji maji, mashine ya kuvuruga rojo na chekeche, basi. Kostiki yenu ibaki kwenye sabuni.