Mchezo Unaokubali Kukatishwa

Wale mlionisikia mwaka jana mtanivumilia, maana nitasema lile lile. Kila wiki mzazi ananishika mkono pale kwenye korido: "Sista, mwanangu amelazwa, nimeazima kishikwambi, nimpakulie mchezo gani?" Nami namuuliza: ukimwambia mwanao aache sasa hivi, katikati, huo mchezo utamfanya nini? Wananiona mkorofi. Lakini ndilo swali lenyewe.

Hebu fikirini siku ya wodini. Anakuja wa kupima joto, anakuja wa sindano, daktari wa raundi na wanafunzi wake wanane, mfagiaji anasogeza kitanda, bibi anafika na uji na lazima aamkiwe. Mtoto hana robo saa iliyo yake. Sasa wewe unampa mchezo unaohitaji robo saa.

Nitawapa kisa, na safari hii nitakimaliza. Tulikuwa na mtoto wa miaka 7, ana selimundu, ameingia na maumivu makali ya mifupa. Yuko kwenye dripu, kanula nyuma ya kiganja cha kulia, na kulia ndiko anakoandikia. Damu iko chini, akikaa kitako dakika kumi anahema. Shangazi yake mwalimu akamletea kishikwambi chake, vile walivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022. Binamu akaweka mchezo wa kukimbia. Mnaujua: mtu anakimbia hasimami, unapitisha kidole aruke, unapitisha kidole ainame, na akigonga kitu, kwisha, rudi mwanzo.

Mtoto akawa anakishika kwa mkono wenye kanula ili achezee wa kushoto. Kiwiko kinakunjwa, kifundo kinakunjwa, dripu inasimama. Muuguzi anakuja kuunyoosha mkono, mkimbiaji amekufa. Anaanza upya. Dawa ya kunywa, mkimbiaji amekufa. Mara ya nne akakisukuma chini ya shuka, akageukia ukutani. Mama yake akaniambia, "Ugonjwa umemfanya mkali, Sista." Nikamwambia ugonjwa umempa maumivu, ukali ameupata humo kwenye kishikwambi. Nilikaa pale dakika ishirini nikahesabu: amekatishwa mara nne, na mara zote nne ameadhibiwa kwa jambo ambalo si kosa lake.

Tukaufuta. Tukaweka GCompris, ambayo ni ya bure, haina matangazo, na ndani yake kuna michezo midogo midogo mingi. Siku ya kwanza nilimpa ule wa kufuta: picha imefunikwa, unapitisha kidole popote, kifuniko kinaondoka, picha inatokea. Hakuna saa inayohesabu, hakuna kushindwa, hauhitaji shabaha, na kidole cha kushoto kinatosha. Alicheza dakika nne akasinzia na kidole juu ya kioo. Mama akasikitika: "Ameshachoka." Nikamwambia hizo dakika nne ndizo alizokuwa nazo, na amezitumia zote.

Siku ya pili ni kadi za jozi, unafunua mbili ukitafuta zinazofanana, kwa kadi chache tu. Daktari alipofika, kadi zilibaki zimelala. Alipoondoka, kadi zipo palepale. Hilo tu. Mtoto hakulia.

Siku ya tatu maumivu yalirudi, mikono haitaki kitu. Hapa wazazi wengi huzima na kuondoa. Sisi tulimfanya mama awe mikono na mtoto awe kichwa. Analala chali, anasema, "Ya juu, ya pili. Hapana mama, ile nyingine!" Mama anafunua. Kwa siku tatu mtoto huyu ameamriwa na kila mtu: fungua mdomo, nyoosha mkono, usijikune. Sasa yeye anaamuru. Mama alikuwa anakosea makusudi, na mtoto alimgundua kabla yangu.

Najua kuna mzee hapo nyuma anasema: si umwekee katuni tu alale? Mwekee, mzee wangu. Usiku akiwa hoi, katuni ni sawa. Lakini katuni haimuulizi neno. Na wakati wa kuchomwa sindano, mimi nataka kidole chake kiwe na kazi, kisiwe macho peke yake. Mpe mapovu ya kupasua, mpe ule wa kufuta. Atasikia sindano, ndiyo, lakini hatakuwa anaisubiri.

Kuchoka mtakujuaje? Msingoje aseme, hatasema, anaogopa mtakichukua. Tazama kidole. Akianza kugusa ovyo, akarudia kugusa palepale pasipo na kitu, au mchezo umempongeza na hajatazama, amechoka. Mwambie, "Malizia hii, tukiweke." Mkitaka kungoja mpaka alie, mmechelewa dakika tano. Na mwenye kichefuchefu cha dawa msimpe kitu kinachozunguka au kukimbia kwenye kioo. Kioo kiwe kimetulia, mwanga umepunguzwa.

Naoneshwa saa. Haya, la kuazima, haraka.

Kitu cha watu kina mambo ya watu. Yule mtoto wetu, kabla hatujakifunga, alituma sauti kwenye kundi la walimu wa shule nzima: "Shangazi, njoo na chipsi." Mwalimu mkuu akajibu kwa upole. Ingeweza kuwa maksi za darasa zima zimefutwa. Kwa hiyo kabla hakijafika kitandani, kifungeni ndani ya mchezo mmoja. Kwenye Android nendeni Settings, kisha Security, mtafute App pinning (vingine vinaandika Screen pinning au Pin app), muiwashe, na mwashe kile kipengele cha kudai namba ya siri wakati wa kutoka. Kisha fungueni mchezo, nendeni kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa, guseni alama ya mchezo na mchague Pin. Kwenye iPad inaitwa Guided Access, iko ndani ya Settings, Accessibility. Ukishaiwasha unafungua mchezo, unabonyeza kitufe cha Home, au cha juu kama hakina Home, mara tatu, kisha unagusa Start. Namba ya siri aijue mama, asiijue kaka mkubwa.

Halafu jaribuni nyumbani: washeni hali ya ndegeni, fungueni mchezo. Kama haufunguki, au unafunguka unadai mtandao, wodini hautafaa. Hiyo GCompris nayo sauti zake huzipakua pembeni, basi ziacheni zishuke mkiwa bado na mtandao wa nyumbani.

Uzito: msimpe akishike. Kunjeni khanga kwenye mto, kiegemee hapo, kisije kikamwangukia usoni akilala chali. Usafi: kizimeni, futeni kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo spiriti ya asilimia 70, msimimine juu ya kioo. Au kitieni kwenye mfuko mwembamba wa plastiki unaoonyesha. Kidole kinafanya kazi vilevile juu yake, na mfuko unabadilishwa kwa kila mtoto.

Nilikuwa na la vijana wa miaka 13 na kuendelea, wale wasiotaka vya kitoto. Halina nafasi leo. Kwa kifupi, wapeni michezo ya zamu, bao, drafti, chesi. Mpinzani anasubiri hata ukienda kupigwa picha ya eksirei.

Na chaja. Soketi ya kando ya kitanda ni ya pampu ya dawa. Juzi nimekuta pampu imechomolewa, inalia, na kishikwambi kina asilimia 98. Maswali? Wewe mama wa kilemba cha kijani, lakini usiniulize mchezo gani.