Glichi Haina Ubaya, Mradi Isifike Pini Isiyosubiri Kloku

(Mhadhara kwa wanafunzi wa elektroniki, Mbeya)

Marahaba, vijana wangu. Kaeni.

Twende moja kwa moja kwenye sakiti. Mashine ya kukoboa mpunga kule Mbarali ina mistari miwili ya kujaza magunia, na tunataka kuyahesabu. B ni 1 mstari wa kwanza ukiwa kazini, C ni 1 wa pili ukiwa kazini, na A huchagua tunaangalia upi. Jibu F likiwa 1 maana yake endelea kuhesabu. Likiwa 0, hesabu irudi sifuri.

```
F = A·B + A'·C
```

Mageti ni manne: NOT moja, AND mbili, OR moja. Sasa mistari yote miwili inafanya kazi, B na C zote ni 1. A ikiwa 1, F ni 1. A ikiwa 0, F bado ni 1. Kwenye karatasi hakuna kitu cha kubadilika.

Lakini kila geti lina ucheleweshaji wake. Tuseme nanosekunde 10 kila moja, na A inashuka kutoka 1 kwenda 0 wakati sifuri. Kwenye nanosekunde 10, AND ya kwanza inashuka, na NOT ndiyo kwanza inapanda. AND ya pili itapanda kwenye 20. Kwa hiyo kati ya 10 na 20, AND zote mbili ziko chini, na OR inayapitisha hayo nanosekunde 10 baadaye. F inaanguka kwenye 20 na kurudi juu kwenye 30. Hiyo ndiyo hazadi tuli: F ilipaswa kutulia kwenye 1, ikatoa glichi.

Vitabu vitawafundisha kuongeza geti la tatu la AND, yaani B·C, lishikilie F juu wakati A inabadilika. Ni kweli, linafanya kazi. Ila linalinda pale tu ambapo ingizo moja linabadilika. A na B zikibadilika kwa pamoja, glichi zinaweza kutokea hata ukiwa na geti hilo. Na katika sakiti inayoendeshwa na kloku moja, flip-flopu nyingi hubadilika kwenye ukingo uleule. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kuhangaika kuziba kila glichi kwa mageti ya ziada ni kupoteza nguvu.

Peleka F kwenye pini ya D ya flip-flopu badala yake. Flip-flopu inaitazama D kwenye ukingo wa kloku tu, pamoja na muda mfupi kabla na baada yake ambapo D lazima iwe imetulia. Kloku ya megahezi 10 inatupa nanosekunde 100 kati ya ukingo na ukingo. A inatoka kwenye flip-flopu yake nanosekunde 20 baada ya ukingo. Mageti yanachukua 30, glichi ikiwemo ndani. Tumefika 50. Flip-flopu inayopokea inataka D itulie nanosekunde 20 kabla ya ukingo unaofuata, yaani kuanzia 80. Glichi imekwisha tangu 50. Imetokea, imepita, hakuna aliyeisoma.

Panda hadi megahezi 20 na hesabu inageuka. Ukingo unaofuata uko kwenye 50, na D ilipaswa kutulia tangu 30, lakini glichi iko kati ya 40 na 50. Hapo flip-flopu inaweza kusoma 0, au 1, au ikayumba kwa muda kabla ya kuamua. Dawa ni kuipunguzia kloku kasi au kufupisha njia ya mageti. Geti la B·C halikuongezei muda wowote.

Sasa sikilizeni hapa kwa makini, kwa sababu ndipo sakiti nyingi zinapoharibikia. Mtu anachukua F na kuiunga moja kwa moja kwenye pini ya kufuta ya kihesabio cha 74HC161. Pini hiyo inafuta ikiwa 0, na haisubiri kloku. Glichi yetu ya nanosekunde 10 ni 0. Magunia yamehesabiwa 9, mwendeshaji anabadilisha mstari, hesabu inarudi sifuri. Tena si kila mara: pigo fupi kiasi hicho linaweza kufuta leo na kesho lisifute, au likafuta biti mbili na kuacha nyingine. Multimita itakuonyesha F iko juu muda wote. Tumia osiloskopu yenye kasi ya kutosha, triga kwenye ukingo unaoshuka wa F, kisha badilisha A huku B na C zikiwa 1. Utaiona.

Hatari ni ileile ukiunga F kwenye pini ya kloku, au ukiipitisha kwenye geti la AND pamoja na kloku ili kuizuia kloku.

Kwa kihesabio chetu marekebisho ni mepesi. Chomoa 74HC161, weka 74HC163. Pini zimepangwa vilevile, na hii nayo hufuta kwa 0, lakini inasubiri ukingo wa kloku kwanza. F inabaki na glichi yake, na mradi iwe imetulia kabla ya ukingo kama tulivyohesabu, hesabu ya magunia haiguswi.