Ufa Ukianza Kukimbia

Salim: Dada Neema, tuzungumzie maporomoko ya ardhi. Tuchukue mfano wa nyumba iliyo chini ya mlima, kando ya korongo. Mvua imenyesha siku mbili mfululizo, na huko juu ya mteremko kuna ufa wa zamani uliopinda kama mwezi mchanga. Mwenye nyumba afanye nini?

Neema: Ufa wa umbo hilo ndio ukingo wa juu wa kipande cha ardhi kinachotaka kuteremka. Maji yakijaa kati ya chembe za udongo, mshiko wake hulegea, na ufa huyapa maji njia ya kuingia ndani zaidi. Kwa hiyo, tangu kabla ya msimu wa mvua awe amepigilia kigingi kila upande wa ufa, kisha apime nafasi iliyopo kati ya vigingi hivyo.

Salim: Tuseme saa 12 asubuhi ni sentimita 40. Saa 6 mchana, 40 na nusu. Saa 10 jioni, 42.

Neema: Hapo asingoje kipimo cha nne. Nusu sentimita kwa saa 6, halafu moja na nusu kwa saa 4: kasi imepanda zaidi ya mara 4. Mwendo unaoongezeka ndio unaotisha kuliko upana wa ufa. Ahame kabla giza halijaingia, maana usiku haoni kitu na watu wamelala. Na ikiwa ufa ni mpya, umetokea mvua ikinyesha, asipande kwenda kupima. Aondoke.

Salim: Ndani ya nyumba je?

Neema: Milango inayokwama ghafla, nyufa mpya ukutani, sakafu inayoachana na ukuta. Nje, miti au nguzo zilizoinama, na maji yanayobubujika mahali palipokuwa pakavu.

Salim: Wengi hutazama korongo. Likijaa wanahofu, likipungua wanashusha pumzi.

Neema: Na hilo la pili linaua, kaka Salim! Mvua inaendelea, maji yanapungua ghafla: huenda udongo na magogo yameziba njia huko juu. Kizuizi kikiachia, tope hushuka na mawe kwa kasi inayomshinda mtu kukimbia. Maji yakigeuka mazito ya udongo, au ukisikia mawe yakigongana na miti ikikatika, hakuna tena muda wa kufunga mizigo.

Salim: Akimbilie wapi?

Neema: Pembeni, akikata njia ya tope, kisha apande mahali pa juu. Asifuate korongo kuelekea chini, wala asivuke daraja lake. Akishindwa kutoka, apande ghorofani kama ipo, chumba kilicho mbali na mlima, ajikunje akikinga kichwa.

Salim: Mvua ikikatika, arudi kuchukua vitu?

Neema: Hapana. Maji yaliyokwisha kuzama huendelea kushuka ardhini kwa saa nyingi, hata siku kadhaa, na kipande cha pili kinaweza kufuata cha kwanza. Asubiri wataalamu waukague mteremko.