Jina la Kikundi Lisomwe na Abiria wa Daladala

Ahsante, mwenyekiti. Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo. Walionisikia safari iliyopita wataniwia radhi, maana nimekuja na neno lile lile: jina la kikundi cha ngoma au maigizo lisipitishwe kikaoni kabla halijabandikwa ukutani. Kwanza bango, halafu muhtasari wa kikao. Sisi tunafanya kinyume, ndiyo maana mabango yetu yanasomwa na wabandikaji peke yao.

Nina kikundi kimoja cha Mbagala, jina lao nalibadilisha kidogo ili nisiwaaibishe. Walijiita Kikundi cha Sanaa za Asili na Maigizo Vijana Mbagala. Msicheke, hata ninyi mmo. Jina refu namna hii halibuniwi na mtu mmoja, linatokana na suluhu ya kikao. Mzee mmoja anataka neno asili, mwenzake anataka maigizo maana mwanawe anaigiza, mjumbe wa mtaa anataka Mbagala iwemo, na ili amani idumu kila mtu anapewa neno lake. Jina linatoka limemridhisha kila aliyekuwa kikaoni, na wasiokuwepo, yaani wanunuzi wa tiketi, hakuna aliyewauliza.

Sasa tuhesabu. Bango letu la kawaida ni karatasi ya A3, upana wake sentimita 29.7. Ukiacha pambizo kila upande, unabaki na kama sentimita 26 za kuandika. Lile jina lina herufi 44, na ukiongeza nafasi 8 kati ya maneno unapata 52. Gawanya 26 kwa 52: kila herufi inapata nusu sentimita ya upana. Herufi kubwa nene upana wake ni kama sehemu saba ya kumi ya kimo chake, kwa hiyo kimo kinakuwa milimita saba. Kwa makadirio yangu ya kazini, kila sentimita moja ya kimo inakupa kama mita moja ya kusomwa bila kukodoa macho. Milimita saba! Msomaji wako inabidi aegemee nguzo.

Na msomaji wetu haegemei nguzo. Yumo ndani ya daladala kwenye foleni, bango liko ng'ambo ya mtaro, mita tano hivi. Anahitaji herufi za kimo cha sentimita tano, na kwa kimo hicho mstari mmoja wa A3 unabeba herufi saba, nane ukibana. Kumbe ndiyo nafasi mliyonayo. Neno kubwa la bango lenu ni herufi saba au nane.

Najua mtu anataka kuniambia tugawe mistari mitatu. Gawa. Utapata herufi za sentimita mbili, na jina litakula sehemu ambayo ungeandika ukumbi, tarehe na kiingilio. Mwingine anasema tufupishe kwa herufi za mwanzo. Haya, tufupishe: KISAMAVIMBA. Ukilisikia unadhani dawa ya uvimbe. Mtaniambia mbona kikundi cha TOT kilijulikana? TOT ilipoingia miaka ya 1990 ilikuwa na Kapteni John Komba mbele na chama cha CCM nyuma yake. Wewe ukiwa navyo viwili hivyo, jiite hata herufi moja.

Angalieni waliotutangulia hapa hapa mjini. Muungano, herufi nane. Mandela, saba. Paukwa, sita, nalo ni neno la kufungulia hadithi ambalo kila mtoto anajua kulijibu. Kaole, tano, jina la magofu ya karibu na Bagamoyo, na kikundi kikaingia sebuleni mwetu kupitia ITV. Parapanda imezidi moja, tisa, tunaisamehe. Hawa karatasini walikuwa na majina marefu kuliko haya, lakini kulikuwa na neno moja linaloweza kusimama peke yake.

Turudi Mbagala. Niliwaambia watafute neno moja la asili. Ugomvi ukaanza upya, kwa sababu waanzilishi wametoka Mtwara, Songea na Uzaramo. Wa Mtwara wakaleta Sindimba. Herufi nane, inaingia. Lakini sindimba inajulikana nchi nzima kama ngoma, kwa hiyo bango likisema SINDIMBA, mpita njia anasoma kinachochezwa, hasomi nani anacheza. Na mwenye sherehe akikukodi kwa jina hilo atadai sindimba saa mbili mfululizo, hata kama lizombe yenu ndiyo kali. Wangoni wakaja na Lizombe: tatizo ni lile lile. Wazaramo wakasema Mdundiko. Hapo mama mmoja akaguna, maana mjini hapa mdundiko unakumbusha msafara wa mtaani usiku na vibaka wanaoufuata nyuma.

Kijana mmoja akasema Mapiko. Mzee wa Kimakonde alinyamaza, akavua kofia, akaivaa tena. Mapiko ni ngoma ya vinyago iliyofungamana na jando, na ilikuwa na siri yake kwa wasiotahiriwa na kwa wanawake. Wenyewe wanaweza kukuruhusu kuicheza jukwaani, lakini kuigeuza stika ya nyuma ya bajaji ni habari nyingine. Ukiona mzee amenyamaza kwenye kikao cha jina, simamisha kikao umuulize faraghani. Hapingi mbele ya watu, ila siku ya onyesho hatakuja, na wapigaji wake hawatakuja.

Msondo nao ulitajwa, herufi sita, mzuri mno. Una wenyewe, tena bendi kubwa. Ukiubandika, watu watakuja na viatu vya dansi.

Mwisho tukauliza: jukwaani hawa wa sehemu tatu wanakutana wapi? Wanakutana kwenye ngoma ile ndogo inayokwenda mbio juu ya ile kubwa. Watu wa Pwani wanaiita chapuo. CHAPUO, herufi sita. Sentimita 26 kwa sita ni nne na kitu kwa upana, kimo sita, na inasomeka mita sita. Tukaichapa kwa rangi moja, tukaibandika kwenye mwembe, tukavuka barabara. Yule mama aliyeguna akaisoma bila miwani. Lile jina refu halikutupwa: linakaa chini yake kwa herufi ndogo, na kwenye karatasi za usajili.

Wapo wanaosema asili lazima liwe neno la kale lisilo na ugeni. Wazee wetu wa ngoma ya beni walijiita Marini, jina la wanamaji wa Kizungu, na hakuna aliyewanyang'anya ngoma. Asili ya jina ni kwamba mnaweza kulicheza. Kikundi kinachojiita kwa ngoma ya Wasukuma, hakina Msukuma, na bugobogobo kimejifunzia kwenye simu, kitaumbuliwa na mtazamaji wa kwanza kutoka Mwanza.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengine. Rangi: nyekundu juu ya nyeusi haisomeki jioni, acheni. Picha ya mchezaji isipite juu ya herufi, hata kama mchezaji ni mke wa mwenyekiti wenu. La maigizo sijaligusa, nalo lina mambo yake, hasa mkitumia jina la mhusika ambaye kesho atahama kikundi.

Na Chapuo msikimbilie wote. Nendeni kwanza BASATA mkaulize lina mwenyewe au halina, ndipo mwende kwa mchapaji.