Kupima mapigo ya moyo ya mzee nyumbani: lipi ni la umri na lipi si la umri

Karibuni. Mimi ni muuguzi, na huyu aliyekaa kwenye kiti ni shangazi yangu. Ametimiza miaka 70 mwaka huu, na amekubali nimpime mbele yenu. Tunahitaji saa yenye mshale wa sekunde, au simu inayohesabu sekunde, pamoja na daftari na kalamu. Mashine ya presha ipo pale mezani, lakini kwa sasa iacheni. Tunaanza na vidole, na sababu yake mtaiona tukifika mbele.

Kabla sijamshika mkono, namuuliza kwanza.

"Shangazi, shikamoo. Umekunywa kahawa leo?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikunywa alfajiri tu."

Vizuri, maana sasa ni saa nne. Kahawa na sigara huharakisha moyo, kwa hiyo subirini angalau nusu saa baada ya hivyo. Vilevile msimpime mzee aliyetoka kupanda ngazi, au aliyetoka kugombana na mtu. Shangazi amekaa hapa dakika 10, mgongo umeegemea kiti, miguu iko chini, mkono umelala mezani na kiganja kinatazama juu. Hapo ndipo tunaweza kusema amepumzika.

Sasa tazameni mkono kwa karibu. Nafuata kidole gumba chake kushuka mpaka kwenye kifundo. Chini kidogo ya mkunjo wa kifundo, upande uleule wa kidole gumba, kuna kijibonde kati ya mfupa na ule mshipi mgumu unaojitokeza. Naweka hapo kidole changu cha shahada na cha kati. Situmii kidole gumba changu, kwa kuwa nacho kina mapigo yake, na naweza kuhesabu yangu nikidhani ni ya Shangazi. Nabonyeza kidogokidogo hadi nisikie dunda, dunda. Nikikandamiza sana, damu inazuilika na pigo linapotea. Kwa wazee wengine mtahisi mshipa wenyewe ni mgumu, kama kamba chini ya ngozi. Hilo ni la kawaida kwa umri, kwa sababu mishipa hukakamaa kadiri miaka inavyokwenda.

Watu wengi wanajua kupima shingoni. Kwa mzee naomba muache. Kuna sehemu shingoni ambayo ikibonyezwa hupunguza kasi ya moyo ghafla, na kwa wazee sehemu hiyo huwa nyepesi zaidi kushtuka. Mtu anaweza kuzimia mikononi mwenu. Kifundo cha mkono kinatosha.

Nahesabu dakika nzima, sekunde 60 kamili. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara 4 ni haraka, lakini pigo likiruka ndani ya dakika hiyo unaweza usilikute kabisa. Haya, tunaanza... Nimepata 74. Naandika tarehe, saa, 74, na mbele yake neno "sawasawa", maana yake pigo limekuja kwa mpangilio kama saa ya ukutani.

Je, 74 ni nzuri kwa bibi wa miaka 70? Kwa mtu mzima aliyepumzika, mapigo ya kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Na hapa ndipo nataka mtulie kidogo, kwa sababu ndilo jambo lililonifanya nitengeneze video hii. Kiwango hicho hakibadiliki mtu akizeeka. Cha kijana wa miaka 25 ni hichohicho, na cha mzee wa miaka 85 ni hichohicho. Kwa hiyo mzee aliyetulia kitini akawa na mapigo 115, au 42, msiseme "ni uzee huo". Umri peke yake haufanyi hivyo.

Kinachoshuka kwa umri ni kilele, yaani kasi ya juu kabisa ambayo moyo unaweza kufikia ukikazana. Ndani ya moyo kuna kijisehemu kinachoanzisha kila pigo. Chembe zake hupungua miaka inapokwenda, na moyo nao huitikia kidogo zaidi ile homoni ya adrenalini inayouamuru ukimbie. Ndiyo maana babu akipanda kilima moyo wake huchelewa kushika kasi, hauendi juu kama wa mjukuu wake, na akisimama huchelewa pia kurudi chini. Hayo matatu ni ya uzee kweli.

Tukokotoe kilele cha Shangazi. Kanuni inayotumika sana ni 220 kutoa umri. Kwake, 220 kutoa 70 ni 150. Kwa mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, tunalenga kati ya asilimia 50 na 70 ya kilele hicho, yaani kati ya 75 na 105. Hata hivyo, msiishike namba hiyo kama sheria. Kuna kanuni nyingine iliyotolewa na watafiti wa Marekani mwaka 2001, isemayo 208 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7, na kwa Shangazi inatoa 159. Tofauti ni mapigo 9 kwa mtu yuleyule. Zote mbili ni makadirio ya watu wengi, na moyo wa mtu mmoja unaweza kuwa juu au chini ya hapo.

Twende nje tuone. Shangazi anatembea hadi kwenye mwembe na kurudi, mara kadhaa, kwa dakika 10. Natembea pembeni yake na namzungumzisha. Sikilizeni anavyonijibu: anamaliza sentensi, lakini akitaka kuimba hawezi. Hicho ndicho kiasi chake. Angekuwa anakata maneno katikati ili avute pumzi, ningemwambia apunguze mwendo hata kama namba ingekuwa nzuri.

Sasa amesimama. Hapa nahesabu sekunde 15 tu, kwa sababu baada ya kusimama mapigo huanza kushuka, na nikingoja dakika nzima nitapata namba ya mtu anayepumzika. Nimepata 25, mara 4 ni 100. Yuko ndani ya kiwango. Tunarudi kitini. Baada ya dakika 5 ni 86. Baada ya dakika 10 ni 76. Kijana angeshuka haraka zaidi, lakini kwa miaka yake sina wasiwasi. Kitu ambacho kingenitia wasiwasi ni kizunguzungu, kifua kubana, au pumzi kukataa kutulia. Kimojawapo kikitokea njiani, zoezi linaishia palepale. Na kama kifua kinaendelea kubana baada ya kukaa, ni hospitali muda huohuo.

Hesabu hii ya kilele haifai kwa kila mtu. Kama mzee anatumia dawa za presha au za moyo za jamii ya atenololi, bisoprololi, kavedilololi au propranololi, dawa hizo huuzuia moyo usikimbie. Mapigo yake yakiwa 55 akiwa ametulia, na hana kizunguzungu wala uchovu usio wa kawaida, huenda dawa inafanya kazi yake tu. Akitembea, hata akikazana, anaweza asifike 100 kamwe. Msimsukume afikie namba ya kwenye kanuni. Kwake kipimo ni mazungumzo, yaani awe anaweza kuongea. Na asiache dawa hizo ghafla kwa sababu ameona namba ndogo. Kuziacha kwa ghafla kunaweza kuupandisha moyo vibaya. Apeleke daftari kwa daktari aliyemwandikia.

Kuna dawa moja ambayo familia nyingi huisahau, nayo ni matone ya macho. Mzee mwenye presha ya macho anaweza kuwa anatumia timololi. Tone hilo hupita kwenye kijitundu cha kona ya jicho, likashuka puani na kuingia kwenye damu, na moyo ukapungua kasi kana kwamba amemeza kidonge. Kwa hiyo mkiulizwa "anatumia dawa gani?", tajeni na za macho. Akishaweka tone, afumbe jicho na abonyeze taratibu kona ya ndani, karibu na pua, kwa dakika moja au mbili. Hapo dawa nyingi hubaki jichoni.

Sasa tuichukue ile mashine. Niliiacha kwa sababu inatoa namba tu, na kwa mzee mpangilio wa mapigo una uzito kuliko namba. Baba mmoja wa mtaani kwetu, mwenye miaka zaidi ya 75, alikuwa akijipima kila asubuhi. Ndani ya dakika 5 mashine ilimpa 68, kisha 91, kisha 77. Watoto wake walidhani betri imekwisha. Nilipomshika mkono nilisikia dunda... dunda-dunda... dunda... halafu kimya, halafu matatu ya harakaharaka. Hayakuwa na mpangilio wowote, dakika nzima. Mashine haikuwa mbovu. Vyumba vya juu vya moyo wake vilikuwa vinatetemeka badala ya kusukuma kwa pamoja. Katika hali hiyo damu inaweza kutuama ndani ya moyo, ikaganda, na bonge likapanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Alipelekwa akafanyiwa kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandikwa waya kifuani, kikathibitisha, na akaanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Yeye mwenyewe hakuwa akihisi maumivu yoyote.

Hali hiyo huongezeka sana umri unavyosonga, lakini haihesabiwi kuwa uzee wa kawaida, kwa kuwa ina dawa. Msiichanganye na pigo moja linalowahi, likafuatwa na kituo kidogo, kisha mpangilio ukarudi. Hilo hutokea kwa wengi. Liandikeni na mlitaje kliniki siku ya kawaida. Kama dakika nzima haina mpangilio, ombeni kipimo cha umeme wa moyo ndani ya siku chache.

Mapigo yakizidi 100 na mzee ametulia, mpeni nusu saa, mpimeni tena. Yakibaki juu, tafuteni chanzo: homa, kuharisha na kukosa maji, upungufu wa damu, choo cheusi kinachoonyesha damu inavuja tumboni, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Mzee anaweza kuwa na nimonia bila kuchemka sana mwili, na mapigo yakawa ndiyo dalili ya kwanza. Yakiwa chini ya 50 na anapata kizunguzungu, anaanguka, au amezimia hata mara moja, msingoje kliniki ya mwezi ujao. Huenda ule umeme wa moyo unakatika njiani, na kuna wanaohitaji kuwekewa kifaa kidogo cha kuongoza mapigo.

Kwa Shangazi tutapima mara mbili kwa wiki, saa nne asubuhi, kwenye kiti hiki. Ukurasa wake wa kwanza unasema 74, sawasawa. Siku atakayotulia hapa nikapata 98, itakuwa bado ndani ya kiwango cha vitabuni, lakini kwake ni mapigo 24 zaidi, nami nitamuuliza alilalaje, amekunywa maji kiasi gani, na kama anakohoa.