Kubadilisha Jina la Akaunti ya Benki Baada ya Ndoa: Barua na Viambatisho Vyake

Karibuni tena. Leo ni kwa walioolewa hapa Tanzania na wanataka akaunti isome jina la mume. Sheria haikulazimishi kubadili, lakini ukishaamua, usianzie benki kama mimi. Niliingia tawini na barua nzuri kabisa, dada wa dirishani akaniambia niweke kidole kwenye kile kimashine, kompyuta ikaleta jina la ubini wangu. Barua ikarudi mkobani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni NIDA. Benki inasoma jina lako kutoka huko kwa alama za vidole, na jina lisipobadilika kule, huku haliendi. Namba yako ya tarakimu 20 inabaki ileile.

Hatua ya pili, kagua cheti cha ndoa. Tuseme kitambulisho kinasema Rehema, na aliyejaza cheti akaandika Rehma. Herufi moja tu, lakini benki itakuona watu wawili. Nenda kwa wakili akuandikie hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni yako.

Sasa barua. Tazama hapa, naiandika kwa mkono. Juu kulia anwani yangu na tarehe, chini kushoto Meneja wa Tawi, kisha kichwa:

YAH: OMBI LA KUBADILISHA JINA LA AKAUNTI NAMBA …

“Mimi ni mteja wako. Naomba jina la akaunti tajwa libadilishwe kutoka Rehema Juma Salehe kuwa Rehema Juma Mushi, kwa kuwa nimefunga ndoa. Naambatanisha:
1. Nakala ya cheti cha ndoa
2. Nakala ya kitambulisho cha NIDA chenye jina jipya
3. Hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati
4. Hati ya kiapo kuhusu tahajia ya jina
5. Picha mbili za pasipoti.”

Namba tatu si kila benki inaidai, ulizia tawini kabla hujamlipa wakili. Namba nne ifute kama majina yako hayana kasoro. Nakala zigongwe muhuri wa wakili, na vyeti halisi uvibebe, wataviangalia na kukurudishia. Toa kopi ya barua yenyewe pia, wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe. Siku ukifuatilia, hiyo ndiyo utakayoweka mezani.

Ukiwa hapohapo, jaza saini mpya kama umeibadili, na uombe kadi nyingine. Namba ya akaunti haibadiliki, ila mwambie mhasibu wa kazini, mshahara usije ukarudi kwa sababu majina hayafanani.

Wakikupigia kwamba tayari, usifunge safari. Chukua simu, anza kujitumia shilingi 1,000 kwenye akaunti hiyo, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Likija Salehe, bado hawajamaliza.