Shamba la Baba Halifanyiki Kesho Asubuhi

(Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo, Kisumu)

Hamjambo ndugu zangu. Wengi wenu mnanijua kwa cherehani, maana nashona sare za shule hapa karibu na soko la Kibuye. Leo nimekuja na daftari langu la zamani, na ningependa niwasomee ukurasa mmoja wa mwaka 2021. Umeandikwa hivi: shamba la baba, sare za kidato cha kwanza, paa la duka, uzi mweusi, deni la mwalimu.

Ni mistari mitano. Wiki ile ilipokwisha nilikuwa nimekata mmoja tu, ule wa uzi mweusi. Minne iliyobaki niliinakili ukurasa uliofuata, kisha ule mwingine, na shamba la baba nikalinakili hivyo karibu mwaka mzima. Nilifikiri nimekosa bidii, ilhali duka nilikuwa nafungua saa moja asubuhi na kufunga saa mbili usiku. Tofauti ilikuwa katika mistari yenyewe. Uzi mweusi ungeweza kuinuka ukaufuata: duka lilijulikana, bei ilijulikana, pesa zilikuwa mfukoni. Shamba la baba huwezi kuinuka ukalifanya. Hakuna mtu duniani anayeamka asubuhi akafanya shamba la baba.

Neno mradi kwetu linatupeleka moja kwa moja kwa kuku na ng'ombe wa maziwa. Leo nalitumia kwa maana pana zaidi: jambo lolote unalotaka likamilike, na linalohitaji hatua zaidi ya moja. Paa la duka ni mradi. Kulipwa deni na mwalimu ni mradi, kama itabidi umpigie simu, mkae mkubaliane awamu, halafu umkumbushe. Hatua ni kitu ambacho mwili unafanya: kupiga simu, kwenda mahali, kupima, kuandika, kulipa. Orodha unayoitazama asubuhi iwe na hatua tu, tena zile zinazoweza kuanza leo. Miradi ikae kwenye ukurasa wake, nyuma ya daftari.

Maneno ni rahisi, ugumu uko katika kuipata hiyo hatua. Wacha tufuate shamba hilo hilo nililowasomea hapo.

Baba alifariki mwaka 2014. Shamba liko Vihiga, na mpaka wakati huo hati ilikuwa bado kwa jina lake. Nilipoamua kuandika hatua, niliandika "kufungua kesi ya mirathi". Imeanza na kitendo, inaonekana safi. Nikajiuliza swali moja, na ndilo naomba mlibebe: nikipewa saa moja sasa hivi, naanza? Siwezi. Mahakama itataka cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi, na sachi ya shamba, yaani karatasi ya ofisi ya ardhi inayoonesha shamba limeandikishwa kwa jina la nani. Basi nikashuka ngazi moja, nikaandika "kwenda kwa chifu". Naanza? Bado. Chifu naye ataniuliza cheti cha kifo, na hatukuwahi kukichukua. Nikashuka tena, "kuchukua cheti cha kifo". Ofisi ya kuandikisha vifo wangetaka kibali cha mazishi, na sikujua kiko wapi. Nani anajua? Mama.

Kwa hiyo hatua ikawa hii: "Kumpigia mama simu, atazame kwenye sanduku la bati kama kibali cha mazishi cha baba kimo." Niliipiga nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Haikumaliza dakika tatu. Jioni akanipigia: hakikuwa sandukuni, kilikuwa ndani ya jalada la Biblia, kimekunjwa mara nne. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona siku zote hizi hukuniuliza?" Nilikaa kimya, kwa sababu kweli sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimeandika shamba.

Mnaona tulivyoshuka: kesi, chifu, cheti, kibali, mama. Unashuka mpaka ufike mahali ambapo hakuna kinachokuzuia, hapo ndipo unaandika. Ukiona mstari unaanza na kushughulikia, kufuatilia, kupanga au kuangalia mambo ya fulani, jua hujashuka vya kutosha. Maneno hayo hayaoneshi mkono unashika nini.

Kosa langu la pili lilikuwa furaha. Baada ya kibali kupatikana, niliandika hatua zote kumi na kitu, mpaka mpima ardhi, kwenye orodha ya asubuhi. Siku mbili baadaye orodha ikawa nzito kama zamani, kwa sababu kati ya hizo ni moja tu iliyoweza kuanza. Ukitaka kuandika ngazi zote, ziandike chini ya mradi, ule ukurasa wa nyuma. Mbele inakuja moja. Ukiikata, andika inayofuata hapo hapo kabla kalamu haijarudi mfukoni. Ukiacha mpaka kesho, mradi unabaki bila hatua, na hutagundua.

Halafu kuna kusubiri, na mirathi imejaa kusubiri. Ombi likishapokelewa, tangazo linatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi anapewa siku 30. Baada ya mahakama kutoa barua ya usimamizi wa mali, kwa kawaida inapita miezi 6 kabla ya kuithibitisha. Katika miezi hiyo wewe huna cha kufanya. Ukiweka "mirathi" kwenye orodha ya asubuhi, utaisoma kila siku na kila siku itakushinda. Mimi nina ukurasa wa tatu: nasubiri nini, kutoka kwa nani, tangu lini. Tarehe ya kwenda kuuliza naiandika kwenye kalenda iliyo ukutani. Jumapili jioni, soko la Kibuye likitulia, nafungua ukurasa wa miradi na kupitia mmoja mmoja: una hatua mbele, au uko kwenye kusubiri? Ukikosa vyote viwili, mradi huo umekufa kimya kimya, na hapo ndipo naufufua.

Lakini njia hii ina mpaka wake. Mahakama ilitaka sahihi za ndugu zangu kuonesha wamekubali. Niliandika "kumpelekea kaka karatasi asaini". Hatua ilikuwa wazi, nauli ya matatu nilikuwa nayo, na kaka anaishi Mbale, kule kule Vihiga. Ilikaa wiki tano. Maneno hayakuwa na kasoro, moyo wangu ndio ulikuwa unazunguka. Kaka alikuwa amekodisha kipande cha shamba bila kutuambia, na nilijua karatasi ile ingefungua mazungumzo hayo. Kwa hiyo hatua ya kweli haikuwa karatasi. Ilikuwa kumpigia baba mdogo, kumwomba atukalishe wote Jumamosi. Niliiandika, nikaifanya siku ile ile. Hatua ikikaa wiki tatu ilhali hakuna kinachoizuia, usiinakili tena. Jiulize unakwepa nini, na mara nyingi utakuta kuna hatua nyingine iliyojificha mbele yake.

Mama mmoja hapo mbele ameniuliza, je, paa la duka? Nilipolishusha lile paa, nilifika kwenye "kumwomba fundi ngazi na kuhesabu mabati yaliyotoboka". Yalikuwa manne. Mwaka mzima nilikuwa naogopa bei ya paa zima.

Na shamba? Mahakama imeshathibitisha, na kaka amesaini. Leo lina mstari mmoja mbele: Jumanne, kumpigia mpima kule Mbale, kuuliza siku gani atakuja kuweka mipaka.